Kaa Hadi Lini?

Wapo watu ambao ukiwapa shubiri huchukua pima, na pima ikiwaishia hukuuliza kwa huzuni mbona umewanyima shamba. Mpangaji tutakayemkuta hapa alikuwa wa ukoo huo. Lakini tusimtangulize, hajafanya lolote la kumpa heshima ya kutangulia. Tuanze na mwenye nyumba.

Mtaani walimwita Mwokaji, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, na hata barua za serikali zilipokuja kwa jina lake la kuzaliwa, majirani waliuliza huyo ni nani. Alioka mikate. Baba yake alijenga tanuri la matofali nyuma ya chumba cha mbele, kuba la chini lenye mdomo mpana, na alipofariki binti akaendelea pale pale alipoachia baba, bila sherehe. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimsifia mkate wake alikuambia uuache upoe kwanza.

Kisha mama yake akapofuka. Mama alikuwa akiishi mbali, na hakutaka kuhamishwa kutoka kwenye nyumba ambayo alijua kila ukuta kwa kuupapasa. Mdogo wake wa kike alikuwa na watoto wadogo, asingeweza kwenda. Basi Mwokaji akafunga tanuri, akatafuta mpangaji, akaenda kumwuguza mamake.

Aliyejitokeza kupanga alikuwa muuza magodoro. Mwanamume mtanashati, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, kalamu mbili mfukoni ambazo hakuna aliyewahi kumwona akiandikia. Alimwita Mwokaji "dada yangu" tangu salamu ya kwanza. Wakaandikiana mkataba wa miaka mitatu kwa mwandishi wa mikataba, na ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja ambacho wote wawili walitia sahihi bila kukitazama mara mbili: kwamba muda hautaongezwa isipokuwa kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na pande zote mbili.

Mtaa ulimpa muuza magodoro jina lake baada ya muda mfupi. Godoro likibonyea katikati, mwenyewe akilirudisha, aliambiwa, "Kesho, kaka." Akirudi kesho yake, "Kesho, kaka." Wakamwita Bwana Kesho. Yeye alidhani wanamwita hivyo kwa sababu ana mipango.

Miaka mitatu ikapita. Mama yao akafariki, akazikwa, na Mwokaji akarudi, akafikia kwa mdogo wake, akiwa na mvi mpya na sanduku moja. Alimwandikia Bwana Kesho mapema kumkumbusha siku ya kutoka. Mpangaji akajibu kwa simu, sauti kama asali, akisema dada yangu, hilo hata si la kuandikiana barua, sisi ni watu wa nyumba moja. Siku ya kutoka ikafika, ikapita, na magodoro yakazidi. Mwokaji alipokwenda kutazama alikuta mpangaji amejaza vipande vya sponji ndani ya tanuri, amevisokomeza mpaka mdomoni, kama mtu anayemziba mwingine asiongee.

Hapo ndipo alipoomba kazi kwenye kiwanda cha mikate upande wa pili wa mji. Walimweka kwenye kufungasha. Mikate ilitoka kwenye mashine ikiwa imekatwa tayari, laini na baridi kama mto, naye alivalishwa kofia ya karatasi, akaitia kwenye mifuko ya plastiki na kuifunga vibana. Msimamizi, kijana mpole, alimwelekeza namna ya kushika mkate usivunjike. Mwokaji alimsikiliza mpaka mwisho.

Bwana Kesho akawa anatoa sababu. Mara lori limeharibika, mara mke mgonjwa, mara amepata chumba lakini mwenye chumba amesafiri. Alipigisha watu danadana kwa namna ambayo ungedhani alisomea. Mwezi mmoja alituma kodi kwa simu, kimyakimya, bila kuombwa. Mdogo wake Mwokaji alisema hizo ni zao, wazile. Mwokaji akazirudisha siku hiyo hiyo. Alisema hawezi kula chakula cha mtu asiyemtaka nyumbani.

Mdogo mtu ndiye aliyempeleka kwa wakili.

Wakili alikuwa mwanamke mfupi mwenye ofisi ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, ambako kila mara vioo vilipokatwa chini mazungumzo yalisimama mpaka mlio uishe. Alisoma mkataba, akauliza maswali machache makavu. Barua ya kumkumbusha ipo? Ipo. Umempa maandishi yoyote ya kumwongezea muda? Hapana. Umepokea kodi baada ya mkataba kuisha? Aliposikia ilirudishwa siku hiyo hiyo, aliweka kalamu chini na kumtazama mteja wake kwa mara ya kwanza. Akamweleza kwamba angeipokea, yule bwana angesema amekuwa mpangaji upya, na hapo kungekuwa na jambo la kubishania.

Hati ya madai ikapelekwa mahakamani, aya tisa fupi. Ya kwanza ilisema mdai ni nani. Ya pili ilisema mdaiwa ni mwanamume, mtu mzima mwenye akili timamu. Ndivyo hati hizo zinavyoanza siku zote, hakuna anayekusudia sifa wala tusi. Zilizobaki zilisema habari ya mkataba, kuisha kwake, na magodoro.

Bwana Kesho naye akatafuta wakili, na ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja. Huyu alijulikana kwenye korido zote za mahakama kwa jina la Wakili Nakanusha. Alikuwa na hati moja ya utetezi kwenye kompyuta yake, kama mfyatua matofali mwenye fremu moja. Mteja akija alibadilisha majina, akachapa, akagonga muhuri, wa pili aingie. Hati ile ilikanusha kila kitu. Haikuwa kazi yake kushinda kesi. Wateja wake hawakuja kutafuta ushindi. Walikuja kutafuta miaka. Kesi ikishaingia kwenye foleni ya kusikilizwa mashahidi, leo shahidi anaumwa, kesho faili halionekani, hakimu amehamishwa, mwingine anaanza upya, na mpangaji anakaa. Anakula, analala, anauza magodoro, anakaa.

Hati ya utetezi ilipofika, wakili wa Mwokaji aliisoma kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza mdogo mtu kumsikia akicheka. Mdaiwa alikanusha kuwa mpangaji. Alikanusha kuwahi kuona mkataba. Alikanusha kuwemo ndani ya jengo. Alikanusha, kwa ukamilifu wake na bila kubakiza, kila jambo katika aya ya kwanza hadi ya tisa.

"Hata ya pili?" akauliza mdogo mtu.

"Hata ya pili," wakili akasema. "Amekanusha kuwa ni mtu mzima mwenye akili timamu."

Mdogo mtu alisema hilo wangemkubalia tu. Mwokaji hakucheka. Alitaka kujua sasa itachukua muda gani.

Wakili akamweleza kwamba kuna njia ya mkato, na akamwonya kuwa ni nyembamba. Mwenye mali anayedai jengo lake kutoka kwa mpangaji ambaye muda wake umekwisha anaweza kuiomba mahakama itoe hukumu ya muhtasari, yaani hukumu inayotolewa kwa kusoma makaratasi na viapo tu, bila kuita mashahidi. Lakini mahakama haitoi hukumu hiyo kwa sababu mdaiwa ana utetezi dhaifu. Inaitoa pale ambapo hana hoja yoyote ya kusikilizwa. Akiwa nayo hata moja, hata kama hatimaye itashindwa, lazima aruhusiwe kujitetea, na wote watakwenda kwenye foleni. Moja tu, mama. Kukanusha kitupu si hoja. Lakini ombi likishamfikia atakuwa na nafasi ya kujibu kwa kiapo, na hapo ndipo atakapoanza kutafuta.

"Na foleni ni ndefu kiasi gani?"

Vioo vikakatwa chini. Wakili akasubiri.

"Ndefu," akasema.

Mwokaji alitazama mikono yake. Siku hizo vidole viwili vya kulia vilikuwa vimeanza kukakamaa asubuhi, na kukanda kunataka vidole vyote. Alitia sahihi kiapo chake, ombi likapelekwa.

Siku ya kwanza ya ombi Wakili Nakanusha alisimama na kusema hajapata maelekezo kamili kutoka kwa mteja wake. Mteja wake alikuwa ameketi nyuma yake, anachezea simu. Hakimu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliuliza kama maelekezo hayo yanatoka mbali sana. Akawapa nafasi moja ya kuleta kiapo cha majibu, akasema na iwe moja kweli.

Kiapo kikaja. Na humo, kati ya malalamiko kuhusu ukarimu wake usiothaminiwa na rafu alizopigilia ukutani, Bwana Kesho aliapa jambo jipya. Aliapa kwamba baada ya mkataba kuisha alikwenda nyumbani kwa mdogo wake mdai, akamkuta mdai, akamweleza shida yake ya mahali pa kuweka bidhaa, na kwamba mdai, kwa kinywa chake mwenyewe na kwa hiari yake, alimwambia: "Kaa."

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana siku hiyo kwa kweli ilikuwapo. Bwana Kesho alikuja, na shati lake, na kalamu zake, akasimama mlangoni akipangusa jasho. Akaanza habari za bidhaa zake kabla hata hajaitikiwa salamu. Mwokaji, ambaye alilelewa na mama asiyeruhusu hata mdai wa kodi ya kichwa asimamishwe mlangoni, alimvutia kigoda akamwambia, "Kaa." Jamaa akaketi, akanywa maji, akaomba miezi sita, akaambiwa hapana, akaondoka. Ndiyo yote. Neno ambalo kila mtu mwenye adabu hulitamka mara kumi kwa siku, mtu mzima huyu, kama ni mtu mzima, akalibeba kama mwizi wa kuku, akalipeleka mahakamani na kuliapia kuwa ni mkataba.

Mdogo mtu alipolisoma alikitupa kiapo chini kwa hasira. Alikuwepo siku hiyo, ndiye aliyeleta maji. Alisema dawa ya uongo kama huo ni moja. "Dada, utaapa hukusema. Na mimi nitaapa sikusikia. Sisi wawili, yeye mmoja. Atakwenda wapi?"

Mwokaji alikuwa na hasira ya kiasi hicho hicho, ila yake ilikuwa ya kimya. Kuona neno lake la heshima limepakwa matope kulimwuma kuliko sponji ndani ya tanuri. Kwa wakili alifika akiwa ameshaamua. Alisema anataka kuandika kwamba hilo neno hakulisema kamwe na kwamba yule mtu ni mwongo, na liandikwe hivyo hivyo, mwongo, wasilizungushe.

Wakili alifunga dirisha kwanza, maana chini walikuwa wameanza tena.

"Mama, ukiandika hukusema, umempa alichokuwa anakitafuta."

Mdogo mtu akadakia kwamba haelewi, mbona watu wanapigana na uongo kwa kuukubali. Wakili akawaeleza taratibu. Yeye akiapa ndiyo, na wao wakiapa hapana, hakimu atakuwa na viapo viwili vinavyogongana. Karatasi haina uso. Hawezi kuitazama akajua ipi inasema kweli. Itambidi awaite, awaapishe, awasikilize. Na jambo linalomlazimu hakimu kuwaita watu ili ajue ukweli ndilo hasa linaloitwa hoja ya kusikilizwa. Nakanusha hakuleta neno lile ili aaminiwe. Alilileta ili libishiwe.

"Kwa hiyo nimkubalie," Mwokaji akasema.

"Sijasema hivyo. Nakuuliza: ulilisema au hukulisema?"

"Nilimpa kiti."

"Najua. Ulisema nini ulipompa kiti?"

Mdogo mtu alikuwa akimtazama dada yake kwa macho ya kumkataza. Mwokaji akasema kwamba alisema kaa.

"Ungesema 'kaa kitako' tusingekuwa hapa," wakili akasema, na akavuta karatasi.

Kiapo cha nyongeza, ambacho hakimu aliruhusu kiletwe, kilikuwa kifupi kuliko risiti. Mdai alikiri kwamba mdaiwa alikuja, kwamba alimwambia "Kaa" akimwonyesha kigoda, na kwamba hapakuwa na maandishi yoyote. Kwisha. Hakuna neno mwongo. Mdogo mtu hakusema na dada yake njia nzima ya kurudi, na nyumbani alipakua chakula kwa kugonga sahani. Alisema mwishowe kwamba watu wema ndio wanaochezewa shere dunia hii, na kwamba nyumba itakwenda hivyo hivyo huku wao wanasema ukweli. Mwokaji alimjibu kwamba huenda.

Inasemekana kiapo hicho kilipomfikia Wakili Nakanusha alimpigia mteja wake simu kumpongeza. Wamekiri, alimwambia. Wamekiri neno lenyewe. Bwana Kesho aliagiza shehena mpya ya magodoro wiki hiyo, ya kujaza chumba na sebule.

Siku ya kusikilizwa ombi, chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja iliyozunguka bila kupeleka upepo popote. Benchi za nyuma zilijaa watu wa kesi nyingine, wamekaa na bahasha zao mapajani. Bwana Kesho alikuja na tai. Alimpita Mwokaji, akamwinamia, "Shikamoo dada yangu," kwa sauti ya watu wote kusikia. Mwokaji alimwitikia, salamu haikatwi. Mdogo mtu aligeuza uso ukutani.

Wakili wa Mwokaji hakuongea sana. Alionyesha mkataba, tarehe ya mwisho, kifungu cha maandishi, kodi iliyorudishwa. Akasema mdaiwa anaweza kuchagua: kama hakuwahi kuwa mpangaji, hana haki ya kuwemo, kama alikuwa, muda wake umekwisha. Akaketi.

Wakili Nakanusha alisimama kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Alizungumza juu ya haki ya kila binadamu kusikilizwa, akanyoosha mkono kuelekea feni. Kisha akalifikia neno lake. Alisema "kaa" ni neno pana, Mheshimiwa. Mtu hukaa kwenye kiti, lakini pia hukaa mjini, hukaa na mke, hukaa kwenye nyumba. Mdai mwenyewe amekiri kulitamka. Alikusudia nini moyoni? Hilo, alisema, haliwezi kujulikana kwenye karatasi. Lazima aliyelitamka aje, asimame pale, aulizwe. Akageuka kumtazama Mwokaji kwa huruma ya kukodi. Benchi za nyuma zilitikisa vichwa kukubali, hotuba ilisikika vizuri.

Mwokaji aliona foleni, ndefu, inaanzia kwenye mguu wa kile kigoda.

Hakimu alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Wakili," akasema, "tuchukue kwamba ni kama mteja wako anavyosema. Tuchukue kwamba yule mama hakuwa anamwonyesha kiti. Alimwambia akae kwenye jengo. Sawa?"

"Nashukuru sana, Mheshimiwa."

"Akae hadi lini?"

Wakili Nakanusha alifungua faili, akalifunga. Akaomba dakika moja ya kushauriana na mteja wake. Wakanong'onezana huku Bwana Kesho akitoa kalamu mfukoni na kuirudisha. Wakili akasimama tena, akasema muda wenyewe ulikuwa wa kukubaliana baadaye.

"Na kodi?"

"Nayo hivyo hivyo, Mheshimiwa. Watakapokubaliana."

"Kwa hiyo hawajakubaliana."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Wakili Nakanusha akasema la hasha, walikubaliana kimsingi, kilichobaki ni mambo madogo. Hakimu akauliza tangu lini muda na kodi vimekuwa mambo madogo ya upangaji, akasema yuko tayari kuonyeshwa mambo makubwa. Hayakutokea. Akauliza je, mteja anadai kuna maandishi yoyote, hata kwenye kikaratasi, kama mkataba unavyotaka. Hakuna. Akauliza je, kodi yake ilipokewa. Ilirudishwa, Mheshimiwa, kwa ukatili.

Kisha akachukua hati ya utetezi kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa unywele kwenye chakula.

"Huku mteja wako amekanusha kuwahi kupanga. Kwenye kiapo ameapa kwamba amepanga na akaongezewa muda. Yupi kati yao amekuja leo?"

Nakanusha akasema sheria inaruhusu hoja mbadala.

"Inaruhusu. Wakili anaweza kusema hivi au vile pale ambapo jambo halijulikani. Lakini mtu anajua kama amepanga nyumba au hajapanga. Na hapa amekanusha kuwemo ndani ya jengo. Nikimwamuru atoke mahali asipokuwemo, nitakuwa nimemdhuru wapi?"

Sasa watu walicheka wazi, na karani akawatazama mpaka wakaacha. Wakili Nakanusha alisema kwamba hiyo ni lugha ya kawaida ya utetezi, hutumika katika kesi zote. Hakimu akamwambia anaijua. Amekuwa akiisoma miaka mingi, na leo amefika aya ya pili, ambapo mdaiwa anakanusha kuwa mtu mzima mwenye akili timamu. Angependa kujua kiapo basi kimeapwa na nani. Bwana Kesho, ambaye hakuwa amewahi kusoma utetezi wake mwenyewe, alimgeukia wakili wake na uso wa mtu aliyegundua kwamba nguo alizovaa ni za kuazima na mwenyewe amefika.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili, na ulikuwa mfupi. Hakimu alisema hoja ya kusikilizwa si lazima iwe ya kushinda, lakini lazima iwe hoja. Kukanusha kila kitu si kubishia chochote. Kuhusu neno, hakuna ubishi kwamba lilitamkwa; hata likipewa maana anayoitaka mdaiwa, halina muda, halina kodi, halina maandishi, na halimpi haki yoyote. Hakuna shahidi ambaye akiitwa angebadilisha hilo. Aliongeza kwamba kama mdai angelikanusha neno hilo, huenda ingembidi aamue vinginevyo. Mdogo mtu alisikia sentensi hiyo, akaangalia sakafu, na baadaye huko nje kwenye ngazi alimshika dada yake mkono. Bwana Kesho akapewa mwezi mmoja kutoka, na gharama za kesi juu yake.

Alizungumzia rufaa. Alizungumza hivyo kwenye duka la soda, kwa kinyozi, kwa yeyote aliyesimama, na siku zikawa zinakwenda. Kwa Wakili Nakanusha alijibiwa kwamba mwenyewe yuko safarini, apite kesho. Alipita. Akaambiwa kesho. Siku ya mwisho ya amri, dalali wa mahakama akiwa amesimama ng'ambo ya barabara na karatasi mkononi, lori likaja, lile lile ambalo miezi yote lilikuwa limeharibika, likapakia magodoro asubuhi moja. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Hakuna aliyemzomea. Walimtazama tu, kama watu wanavyotazama taka zikibebwa, na hilo lilimkera kuliko kuzomewa. Aliwaaga kwa mkono, na mkono haukurudishiwa.

Aling'oa na balbu zote. Aling'oa kitasa cha mlango wa nyuma, na kamba ya kuanikia. Mdogo mtu alizunguka vyumbani akihesabu matundu, akasema wamrudishe mahakamani, wamfundishe adabu mpaka mwisho. Mwokaji alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuri, ameingiza mkono mpaka begani, anatoa sponji.

"Mwache na balbu zake," akasema kutoka mle ndani. "Mtu aliyeapa kwa kigoda cha watu, utamfundisha nini?"

Kwenye bomba la moshi kulikuwa na kiota. Kwenye sakafu ya tanuri kulikuwa na ufa ambao haukuwapo zamani, wa upana wa ukucha. Tanuri lililokaa baridi miaka halishtuliwi kwa moto mkubwa, hupasuka. Mwokaji aliwasha vijiti vichache siku ya kwanza, akaongeza kidogo siku ya pili, moshi ukitoka kwenye matofali yenyewe kwa sababu ya unyevu, na mdogo mtu akipepea na kulalamika macho. Kiwandani alisharudisha kofia ya karatasi. Kama ufa ungekua, basi angekuwa ameshinda chumba chenye kuba bovu, na hilo alilijua vizuri.

Ufa haukukua. Siku ya nne alisukuma makaa pembeni, akafagia sakafu ya tanuri kwa kitambaa kibichi, akachota unga kidogo kwa vidole, vile viwili vikisuasua, akaurusha ndani. Dada wawili wakainama mdomoni mwa tanuri kutazama. Moto ukiwa tayari, unga hugeuka kahawia taratibu. Huu ulibaki mweupe.

"Bado," akasema Mwokaji, akaongeza kuni.